Derive kwenye ncha za kipande kilichofungwa: jinsi ya kuikokotoa upande mmoja

Mwanafunzi mmoja ninayemfundisha jioni hapa Bukavu alikuwa amemaliza kuchora mchoro wa fonksyo kwenye kipande [0, 4], mchoro safi wa penseli. Nikamwambia sasa achore tanjenti kwenye x = 4. Akaweka rula, akaiondoa, akaiweka tena, kisha akaniangalia. "Mwalimu, hapa upande wa kulia hakuna kitu. Rula niiegemeze kwenye nini?"

Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasoma kwenye madaftari. Wengi hujifunza kwamba derive ni limiti ya uwiano, kwamba limiti ya kushoto na ya kulia lazima zilingane, halafu wanafika kwenye ncha ya kipande na kukuta upande mmoja haupo. Wengine huamua kwamba kwenye ncha hakuna derive kamwe. Wengine huchukua kanuni ya f′(x), wakaingiza 4 ndani, na wakaandika chochote kilichotoka. Njia zote mbili hupotosha, na hapa nitaonyesha kwa nini.

Kwanza tukubaliane juu ya maandishi. Ninatumia alama tunazozitumia Kongo: [a, b] ni kipande kilichofungwa, chenye ncha zake mbili ndani, ]a, b[ ni kipande kilicho wazi, ncha zikiwa nje. Desimali ninaandika kwa mkato: 0,01 ni moja juu ya mia. Na nikisema fonksyo "haikatiki" kwenye nukta, maana yake ni kwamba ukiikaribia nukta hiyo ukiwa ndani ya kipande, thamani za fonksyo nazo zinaikaribia thamani ya pale pale, bila kuruka.

Maana yenyewe

Derive ya f kwenye nukta a ni limiti ya uwiano huu, h ikienda kwenye sifuri:

(f(a + h) − f(a)) / h

Kinachosahaulika ni kwamba h haina ruhusa ya kwenda popote. Nukta a + h lazima iwe mahali ambapo f ipo. Kama f imepewa kwenye [a, b] tu, basi kwenye a hakuna f(a − 0,1), si kwamba ni sifuri, wala si kwamba haijulikani, haipo kabisa. Kwa hiyo kwenye ncha ya kushoto h inakuwa chanya tu, na limiti inayopatikana inaitwa derive ya kulia, kwa kuwa tunatazama kulia kwa a. Kwenye ncha ya kulia, b, h inakuwa hasi tu, na tunapata derive ya kushoto. Tukisema f ina derive kwenye [a, b] nzima, tunamaanisha mambo matatu kwa pamoja: ina derive ya kawaida kwenye kila nukta ya ]a, b[, ina derive ya kulia kwenye a, na ina derive ya kushoto kwenye b. Limiti hizo zote ziwe namba halisi. Isiyo na mwisho haihesabiwi.

Kwa rula ya mwanafunzi wangu, jibu ni hili: kwenye ncha huchori tanjenti nzima, unachora nusu yake. Inaanzia kwenye ncha na kuelekea ndani ya kipande, upande ambao mchoro upo.

Kwa nini kipande kinabadilisha jibu

Jambo hili linahitaji utulivu, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Chukua mashua inayotoka Bukavu kwenda kwenye kituo kimoja cha kisiwa cha Idjwi, tuseme kilomita 40 ziwani. Dereva anashika kasi ile ile ya kilomita 20 kwa saa tangu mwanzo mpaka mashua inapogusa gati. Saa t zikipita, umbali ni s(t) = 20t, na safari inachukua saa 2.

Kama swali linahusu safari tu, yaani s kwenye [0, 2], derive ya kushoto kwenye t = 2 ni limiti ya (20(2 + h) − 40)/h, h ikiwa hasi. Juu inabaki 20h, gawanya kwa h, unapata 20. Ipo, ni namba halisi, hakuna tatizo. Mashua ilifika ikiwa na kasi ya 20.

Sasa ongeza muda. Mashua inasimama gatini saa 3 zaidi, watu wanateremsha mizigo. Umbali ni 20t mpaka saa 2, halafu ni 40 daima mpaka saa 5. Kwenye kipande [0, 5], nukta 2 si ncha tena, iko katikati. Upande wa kushoto uwiano unatoa 20, upande wa kulia unatoa (40 − 40)/h, yaani 0. Hazilingani, basi s haina derive kwenye 2. Aliye ndani ya mashua ile angeijua tofauti hiyo kwa mgongo wake, maana kutoka 20 hadi 0 papo hapo ni kugonga gati.

Kanuni 20t haikuguswa. Nukta ni ile ile, namba 2. Kilichobadilika ni kipande. Ndiyo maana swali "je, f ina derive kwenye 2?" halijakamilika mpaka useme f imepewa wapi. Fonksyo |x| kwenye [−1, 1] haina derive kwenye 0, jambo ambalo kila mwanafunzi analijua kwa moyo, lakini |x| kwenye [0, 1] ina derive kwenye 0, na derive hiyo ni 1. Nimeshaona mwanafunzi akikatwa alama kwa kuandika sentensi hii ya pili, ingawa alikuwa na haki yote.

Dereva mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kufika. Jaribu s(t) = 10(3t² − t³) kwenye [0, 2]. Inaanza kwenye 0, inafika 40 kwenye saa 2, na katikati ya safari, saa 1, kasi ni 30. Kwenye ncha ya kulia, ukifungua mabano, s(2 + h) = 10(4 − 3h² − h³). Ondoa 40, gawanya kwa h: inabaki 10(−3h − h²), ambayo inakwenda kwenye 0. Mashua hii ikikaa gatini baada ya saa 2, kushoto ni 0 na kulia ni 0, kwa hiyo derive inabaki hata kwenye [0, 5]. Hivyo ndivyo vipande viwili vinavyounganishwa: thamani zikutane kwanza, halafu derive ya kushoto ya cha kwanza ilingane na derive ya kulia ya cha pili.

Hatua za kukokotoa, kwa mfano mmoja hadi mwisho

Turudi kwenye mchoro wa penseli. Fonksyo yenyewe ilikuwa f(x) = x√(4 − x) kwenye [0, 4]. Chini ya alama ya kipeuo cha pili hatukubali namba hasi, kwa hiyo ncha ya 4 haikuwekwa na mwalimu kwa kupenda. Baada ya hapo fonksyo haipo.

Hatua ya kwanza ni kuandika thamani kwenye ncha. f(0) = 0 na f(4) = 0. Usiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kitoto. Uwiano wote umesimama juu ya thamani hiyo, na huko mbele nitaonyesha kinachotokea mtu akiisahau.

Hatua ya pili ni kuamua alama ya h, na kuiandika waziwazi kwenye karatasi. Kwenye 0, h > 0. Uwiano ni h√(4 − h)/h, yaani √(4 − h). Hesabu imekwisha: limiti ni √4 = 2. Derive ya kulia kwenye 0 ni 2, na nusu-tanjenti inapanda kutoka kwenye nukta (0, 0) kwa mteremko wa 2.

Kwenye 4, h < 0. Hapa nawashauri wanafunzi wangu waweke h = −k, na k iwe chanya, kwa sababu namba hasi chini ya kipeuo huwatisha. Basi f(4 − k) = (4 − k)√k. Ondoa f(4), ambayo ni sifuri. Sasa gawanya, na hapa ndipo kosa hutokea: unagawanya kwa h, si kwa k. Asili ya uwiano ni −k. Ukiisahau alama hiyo ya hasi, jibu lako litapinduka, na utaambiwa mchoro unapanda mahali unaposhuka. Tunapata:

−(4 − k)√k / k = −(4 − k)/√k

Hatua ya tatu ni limiti. Kiasi kinakwenda kwenye −4, asili inakwenda kwenye 0 ikiwa chanya. Uwiano unashuka bila mwisho. Kama huamini, chukua kikokotoo cha simu: kwa k = 0,01 unapata −39,9; kwa k = 0,0001 unapata −399,99; kwa k = 0,000001 unapata −3 999,999. Kila unapogawanya k kwa 100, uwiano unakuwa karibu mara 10. Namba inayotulia mahali pamoja haiendi hivyo.

Kwa hiyo f haina derive kwenye 4. Lakini rula bado ina pa kwenda: nusu-tanjenti ipo, na imesimama wima. Mchoro unaingia kwenye nukta (4, 0) kama njia ya Bukavu inayoteremka ghafla ziwani. Kwenye jedwali la mabadiliko, chini ya 4, katika mstari wa f′, weka ile mistari miwili ya wima. Katika mstari wa f andika 0 kama kawaida, kwa sababu fonksyo ipo pale, ni derive tu iliyokosekana.

Kanuni ikikataa, haina maana derive imekataa

Baada ya mfano huo mwanafunzi wangu alijitungia sheria: "Palipo na kipeuo kinachokuwa sifuri kwenye ncha, hakuna derive." Nikampa g(x) = (4 − x)√(4 − x), kipande kile kile. Akatumia kanuni ya zao, akapata

g′(x) = −√(4 − x) − (4 − x)/(2√(4 − x))

akaingiza 4, akaona sifuri juu ya sifuri, akaandika "haipo".

Turudi kwenye uwiano. g(4 − k) = k√k, na g(4) = 0. Gawanya kwa −k, inabaki −√k. Kwa k = 0,01 ni −0,1; kwa k = 0,0001 ni −0,01. Inakwenda kwenye 0. Derive ya kushoto kwenye 4 ipo, na ni 0. Nusu-tanjenti imelala kabisa.

Kosa lilikuwa wapi? Kanuni ya zao inasema: kama sehemu zote mbili zina derive kwenye nukta, basi zao lina derive, na hii hapa thamani yake. Sehemu √(4 − x) haina derive kwenye 4. Basi kanuni haina neno la kusema juu ya nukta hiyo, si ndiyo wala si hapana. Kunyamaza kwake si ushahidi. Kanuni ikinyamaza, rudi kwenye uwiano, uwiano haunyamazi.

Njia ya mkato, na masharti yake

Kila mwalimu ameona wanafunzi wakikokotoa f′(x) ndani ya kipande, kisha wakachukua limiti yake kuelekea kwenye ncha. Je, inaruhusiwa? Inaruhusiwa, kwa sharti moja: f isikatike kwenye ncha yenyewe. Sababu inatoka kwenye teoremu ya ongezeko: kati ya a na a + h ipo nukta c ambapo uwiano wa ongezeko ni sawasawa na f′(c). h ikipungua, c imebanwa katikati, nayo inaikaribia a. Kama f′ inakwenda kwenye L, uwiano nao hauna budi kwenda kwenye L. Vilevile, kama f′ inakua au kushuka bila mwisho, uwiano unafanya hivyo hivyo, na derive haipo.

Kwa g, ukirahisisha kanuni ile unapata −(3/2)√(4 − x), ambayo limiti yake kwenye 4 ni 0, na g haikatiki pale. Jibu ni lile lile tulilopata kwa mikono.

Sasa ona sharti likivunjwa. Tuseme mtu wa pikipiki anadai faranga 1 000 za kuanzia, halafu 500 kwa kila kilomita. Usipopanda hulipi kitu. Basi p(0) = 0, na p(x) = 1 000 + 500x kwa x kubwa kuliko sifuri. Ndani ya kipande derive ni 500 kila mahali, na limiti yake kwenye 0 ni 500, bila wasiwasi wowote. Lakini uwiano kwenye 0 ni (1 000 + 500h)/h, yaani 500 + 1 000/h. Kwa h = 0,1 ni 10 500; kwa h = 0,01 ni 100 500. Unakimbia bila mwisho. Derive ya kulia haipo, ingawa mkato ulitoa 500. Zile faranga 1 000 za kuanzia ndizo zilizoikata fonksyo, na zinaonekana tu kwa aliyeandika p(0) mwanzoni.

Upande wa pili nao una mtego. Chukua u(x) = x² sin(1/x) kwenye ]0, 1], na u(0) = 0. Uwiano kwenye 0 ni h sin(1/h). Kwa kuwa sin haitoki nje ya −1 na 1, uwiano umebanwa kati ya −h na h, basi unakwenda kwenye 0. Derive ya kulia ni 0. Lakini ndani ya kipande u′(x) = 2x sin(1/x) − cos(1/x), na ile cos(1/x) inapanda na kushuka kati ya −1 na 1 bila kutulia kadiri unavyoikaribia sifuri. Limiti ya u′ haipo, derive ipo. Kwa hiyo mkato ukitoa namba, na f haikatiki, iamini. Mkato ukiyumbayumba bila kutoa chochote, haujathibitisha lolote. Rudi kwenye uwiano.

Ncha, kilele na bonde

Katika kutafuta thamani kubwa kabisa kwenye kipande kilichofungwa, kosa linalojirudia ni kutafuta f′(x) = 0 na kuishia hapo. Sheria ya f′ = 0 ni ya nukta za ndani, kwa sababu inategemea kuweza kusogea pande zote mbili. Mashua ya s(t) = 20t iko mbali zaidi kwenye t = 2, na derive yake pale ni 20, haikaribii hata sifuri.

Kwenye ncha ya kushoto, derive ya kulia ikiwa chanya, fonksyo inapanda tangu inapoanza, basi ncha hiyo ni bonde la karibu. Ikiwa hasi, ni kilele cha karibu. Kwenye ncha ya kulia mambo yanapinduka: derive ya kushoto ikiwa chanya, umefika ukipanda, na ncha ni kilele, ikiwa hasi, ni bonde. Ikiwa sifuri, alama haikwambii kitu, linganisha thamani zenyewe.

Kwa f(x) = x√(4 − x), ndani ya kipande f′(x) = (8 − 3x)/(2√(4 − x)), ambayo ni sifuri kwenye x = 8/3. Pale f ni karibu 3,08, na hicho ndicho kilele. Ncha zote mbili ni mabonde: kwenye 0 derive ni 2, chanya, kwenye 4 uwiano unashuka bila mwisho, nao unatosha kuonyesha kwamba tumefika tukiteremka, ingawa derive haipo.

Angalia pia kwamba f(0) = f(4), na nukta 8/3 ndiyo inayoahidiwa na teoremu ya Rolle. Teoremu hiyo haidai derive kwenye ncha. Inadai f isikatike kwenye [0, 4] na iwe na derive kwenye ]0, 4[ tu. Mwanafunzi wangu alikuwa ameandika kwenye daftari "Rolle haitumiki, f haina derive kwenye 4". Alipoona mabano yamegeukia nje, alifuta mstari huo mwenyewe, kisha akachukua rula na kuchora nusu-tanjenti yake wima, kutoka (4, 0) kwenda juu.